Kepteni, ni Mkonge, Nyuki au Silikanti? Majina matatu ya timu na sababu zake

Mgosi kepteni salama? Samahani kwa meseji ndefu ila uliniambia nisilete majina matupu nilete na sababu, sasa nimekaa nayo wiki nzima hii na nimebaki na matatu tu, Mkonge, Nyuki na Silikanti. Yalikua kumi na moja kwenye daftari, mengine nimeyafuta mwenyewe. Yale ya kuazima nje sijayaweka kabisa, unajua kwanini, tumeshaumia.

Nikukumbushe kidogo maana wewe siku ile ulikua na kadi nyekundu ulikaa upande wa pili hukusikia yote. Kwenye lile bonanza tulipangwa kundi moja na timu nyingine inaitwa Black Star, sisi Black Stars, tofauti ni herufi moja ya mwisho. Mechi ya pili tukashinda mbili moja, yule aliekua anajaza matokeo akawaandikia wale pointi zetu tatu, na msemaji kwenye spika kila akitaja watu wanauliza Stars ipi. Katibu wetu alisimama pale mezani karibu saa nzima anaeleza, mpaka wanaelewa ratiba ya robo fainali ishasomwa na sisi hatumo. Vijana walilia mgosi, winga wetu wa kushoto alivua jezi akaikalia. Na jina lenyewe hata sio letu, Black Stars ni timu ya taifa ya Ghana, mtoto akiniuliza kwanini sisi wa mtaa wa Makorora hapa Tanga tunaitwa hivo sina cha kumjibu.

Najua wasiwasi wako ni kwamba tukibadili jina tunapoteza historia. Mi naona hapana. Simba wenyewe waliitwa Sunderland miaka na miaka, 1971 ndo wakawa Simba, leo nani anakumbuka ile Sunderland zaidi ya wazee. Watu walihama na timu yao, na sisi wetu watahama.

Kwa hiyo nilivokua napima nilijiuliza vitu vichache. Jina likisomwa kwenye spika mbovu linasikika? Likiandikwa na mtu mwenye haraka linabaki lilelile? Watoto wanaweza kuliimba bila kufundishwa? Na mtu akiuliza mbona mnaitwa hivo, tuna jibu la kweli la hapa Tanga? Afu kuna la mwisho ambalo watu hawaliwazii mpaka siku ya mechi, wapinzani watatutania vipi, maana jina lolote utakalochagua unawapa na wao silaha.

Nianze na SILIKANTI kwasababu ndo wewe mwenyewe uligusia siku ile tunatoka mazoezini.

Kwa upekee hakuna linaloligusa. Huyu samaki wataalamu walishaandika kwamba ametoweka duniani toka enzi za mijusi wakubwa, miaka zaidi ya milioni sitini, afu 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini dunia nzima ikashangaa. Na kwetu hapa kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wakaanza kumtoa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu, wakamtoa sio mmoja sio wawili, mpaka serikali 2009 ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni samaki mkubwa, anakaribia mita mbili, rangi ya bluu iliyokoza na madoa meupe na mapezi yake manene kama viguu. Jezi yake ingekua nzuri sana hii siwezi kukudanganya, bluu na madoa meupe, na bluu haimuudhi mtu, sio Simba sio Yanga. Na wewe unajua nusu ya kikosi ni Simba na nusu Yanga, rangi peke yake inaweza kutuvunjia kikao.

Na maana yake ni nzuri kwa timu iliyotolewa ikaonekana imekufa. Walisema ametoweka kumbe yupo chini huko anaishi zake. Hilo ndo lililonivutia mimi.

Ila sasa. Nilimpa mdogo wangu karatasi nikamwambia andika silikanti, akaandika "silkanti". Nikampa yule dada wa duka la vocha akaandika "selekanti". Shemeji akaandika "sililikanti". Watu watatu na kila mmoja kakosea kivyake, hakuna alieandika sawasawa. Tumetoka kudhulumika kwa herufi moja mgosi, tunaenda kujipa jina ambalo kila katibu wa mashindano ataliandika anavojisikia? Siku wakitokea kwenye karatasi Silkanti na Selekanti utasema ni timu mbili, na siku ya kukata rufaa ndo unaambiwa jina lililo kwenye fomu sio lililo kwenye ratiba.

Kingine ni urefu. Nilienda kwa fundi jezi nikapima na rula, kifuani sehemu ya kuandika bila herufi kuingia kwapani ni kama sentimita 27. SILIKANTI ina herufi tisa, ukiacha nafasi ya sentimita moja katikati kila herufi inapata kama sentimita mbili tu, labda inaongezeka kidogo maana zile I tatu ni nyembamba. Ukisimama upande wa pili wa uwanja huoni kitu, unaona mstari mweupe. NYUKI herufi tano zinapata sentimita nne na nusu kila moja, inasomeka mpaka barabarani. MKONGE ipo katikati, sita, kama tatu na nusu hivi.

Afu la kweli kabisa, silikanti ni samaki wa nani? Tukienda Sahare wavuvi watatuuliza nyie watoto wa Makorora mmemvua lini. Sisi kwenye timu nzima mvuvi ni mmoja, kipa wa akiba, na yeye anavua dagaa. Na tabia ya huyo samaki ni mpole, anaelea taratibu kilindini huko, mchana anajificha mapangoni. Mi sitaki kuingia uwanjani na jina la kitu kinachokwenda polepole wakati kocha kila siku anatugombeza kwa kuchelewa kurudi nyuma.

Utani wao utakua rahisi, tutawakaanga, tutawapika mchuzi. Jibu tunalo zuri lakini, silikanti haliki, nyama yake ina mafuta mabaya ukila tumbo linakuendesha. Hilo ningependa kuwajibu siku moja, nakiri.

Twende kwa NYUKI.

Hili nilipewa na babu mmoja pale kwenye kahawa, mi nilikua nimelisahau kabisa. Novemba 1914 Waingereza walileta meli hapa Tanga na wanajeshi kama elfu nane, wengi wao wametolewa India, waje kuuchukua mji kutoka kwa Mjerumani. Mjerumani alikua na watu kama elfu moja tu, wengi ni askari Waafrika, kamanda wao Lettow-Vorbeck. Mapigano yakafika kwenye mashamba na vichaka nje ya mji, risasi zikapiga mizinga ya nyuki iliyokua juu ya miti, na nyuki wakatoka. Wakawashukia wanajeshi watu wakatupa bunduki wakakimbia. Mwisho wa yote Waingereza wakarudi kwenye meli zao wakaondoka wakaacha na silaha nyingi. Makaburi ya vita ile mpaka leo yapo hapa mjini.

Yule babu akanambia kitu kimoja mgosi, akasema nyuki hawakuuma Mwingereza peke yake, walimuuma na Mjerumani. Ni kweli, walishambulia pande zote mbili. Vita ile haikua yetu, walipigana wageni wawili juu ya mji wa watu, na nyuki ndo wenyewe wa pale. Nikasema hilo jina lina jibu. Mtu akiuliza mbona Nyuki, unamwambia kaa nikuhadithie, na atakaa.

Sasa kwenye kulisema na kuliimba hapa hakuna mshindani. Jumapili nilifanya jaribio, kulikua na watoto kama thelathini wanacheza pale nyuma ya msikiti nikawagawia biskuti nikawaambia niimbieni haya majina moja moja. Silikanti walianza vizuri wakapotezana, wengine wapo "kanti" wengine wapo "sili". Mkonge waliweza lakini ile M ya mwanzo inapotea ukipiga kelele, inasikika "konge, konge". Walipofika Nyuki walipiga makofi mawili, nyu, ki, nyu, ki, afu kimtoto kimoja cha kama miaka sita kikafunga mdomo kikaanza kuvuma mmmmmm kama nyuki, na wote thelathini wakafata. Mgosi nilisisimka mwili. Fikiria penati, mpinzani ameweka mpira, na nyuma ya goli watu mia mbili wamefunga midomo wanavuma. Mi ningekua yule mpigaji ningepaisha.

Na hakuna mtu anaekosea kuandika nyuki. Hakuna. Kwenye spika inasikika hata upepo ukipiga.

Mabaya yake ni haya. La kwanza rangi, nyuki ni njano na nyeusi, huwezi kukwepa, na njano na nyeusi hapa Tanzania watu wataona Yanga tu hata uwaelezeje. Beki wetu namba tano ameshaniambia hatavaa, na nilijua anatania, kumbe hatanii. La pili, jina lenyewe lipo lipo sana. Nyuki ni mdudu wa kila mahali, Tabora wana nyuki, Singida wana nyuki, kesho ikitokea timu ya mkoa mwingine inaitwa Nyuki huwezi kumwambia ametuiga. Yani hadithi ya 1914 ni ya Tanga lakini neno sio la Tanga peke yake, na mtu asiyeijua hadithi ataona tumechukua mdudu tu kama wengine wanavochukua simba na chui.

Na utani wake ni mbaya kidogo, watatuambia tutawafukiza moshi. Hiyo itauma maana ni rahisi na inaimbika na watu watakuja na majani mabichi kweli wayachome nyuma ya goli letu, unawajua watu wa kule bondeni. Refa akisimamisha mechi kwa moshi nani atalaumiwa? Sisi.

Haya, MKONGE.

Hili nimeliweka mwisho kwasababu nina mengi ya kusema na nataka uyasome ukiwa umetulia.

Kuna kitu nilifanya wiki hii ambacho hatujawahi kukifanya. Nilipita kwa wachezaji kumi na tisa nikauliza kila mmoja, babu yako au bibi yako alikujaje Tanga. Mgosi, kumi na mmoja wakanijibu kitu kimoja. Mkonge. Babu wa kipa alitoka Kigoma. Babu wa namba sita alitoka Songea, wa fowadi wetu alitoka Burundi, namba mbili ni Mmakonde babu yake alivuka kutoka Msumbiji. Wote walikuja kama manamba, unapewa namba yako na kipande chako cha kazi, unakata majani unayafunga mafungu mpaka mafungu yatimie ndo siku yako inahesabiwa. Wewe mwenyewe sijakuuliza ila nakumbuka marehemu babu yako alikua na kidole kimoja hakipo mkono wa kulia na ukiwa mdogo ulituambia kililiwa na korona. Sikujua korona ni nini wakati ule, nilidhani mnyama. Kumbe ndo ile mashine ya kuponda majani kupata singa.

Kwa hiyo tukisema Mkonge tunasema jinsi tulivofika hapa. Timu yetu watu wanaishangaa mbona ina Waha, Wangoni, Wabena, Wazigua, Wasambaa, Wadigo, wanasema mmeokotana wapi. Tumeokotana hapo kwenye mashamba.

Na mmea wenyewe ni mgeni kama sisi, hii nimeipenda sana. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kule Marekani, ikapitia Hamburg, na safarini ikafa karibu yote, iliyofika hai ni 62. Sitini na mbili tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani, 1964 ilifika zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Baadae kamba za nailoni zikaja, mashamba yakataifishwa, bei ikaanguka, korona nyingi zikafungwa, hayo unayajua maana ndo yaliyowaleta wazee wetu mjini kutafuta kazi bandarini na sokoni. Ukitaka mfano wa kitu kilichoanza na wachache kikashika ardhi, unao huo.

Afu kumbuka magoli yetu ya kwanza yalikua ya nini. Milingoti ya mkonge. Mkonge ukishazeeka unatoa mlingoti mmoja mrefu katikati, mita tano sita, unachanua mara moja tu afu mmea unakufa, na ule mlingoti ukikauka ni mwepesi hata mtoto wa darasa la tatu anaubeba begani. Tuliburuza mitatu kutoka shambani wewe mbele mimi nyuma, miwili tukachimbia na mmoja tukaufunga juu kwa kamba ya katani. Mpira ukigonga mwamba ule unatoa sauti kama ngoma ndogo, tup. Mpaka leo nikisikia mpira umegonga chuma nakumbuka ile tup. Ulikaa msimu mmoja tu maana unaoza ukinyeshewa, mchwa nao wanaupenda, tulikua tunabadilisha kila mwaka.

Sasa nisije nikakuonyesha uzuri tu. Mkonge lina matatizo na kubwa zaidi ni kwamba watu watadhani sisi ni timu ya shirika. Hapa Tanga kuna Bodi ya Mkonge, kuna hoteli inaitwa Mkonge, na Tanzania mtu akisikia timu ina jina la zao anajua kuna kiwanda nyuma yake, Kagera Sugar, Mtibwa Sugar, unaona. Tukienda kuomba mchango wa nauli mtu anasema si mna bodi nyie. Hiyo itatokea, nakuhakikishia. Dawa yake ninayoiona ni kulivaa na mtaa moja kwa moja, kwenye fomu, kwenye jezi na kwenye kila kitu, MKONGE MAKORORA, sio Mkonge peke yake. Likisemwa lote kwa pamoja linakaa vizuri mdomoni pia, na ile M inayopotea inashikwa na M ya pili. Nilirudi kwa wale watoto Jumatatu bila biskuti, nikawaambia jaribuni Mkonge Makorora, wakaliimba lenyewe kwa mwendo wa mchakamchaka wakazunguka uwanja. Halikufika ule uvumi wa Nyuki, lakini liliimbika.

Lingine ni uandishi. Mtu mwenye haraka anaweza kuandika Mkongo au Mkonga, na Mkongo ni mtu wa Kongo, itachekesha lakini pia itasumbua. Ila hapa Tanga sioni mtu akikosea, neno analiona kila siku barabarani. Nje ya mkoa ndo tuwe makini.

Rangi, mkonge ni kijani, na kijani unajua tena ni Yanga. Mimi nimefikiria tuchukue rangi ya singa badala ya jani, ile nyeupe ya maziwa inavoning'inia kwenye waya inakauka juani, na kola ya kijani kidogo tu. Nimemuuliza namba tano amesema nyeupe anavaa. Tatizo la nyeupe ni vumbi letu lile jekundu, mechi mbili tu jezi inakua kama chai ya maziwa, mama zetu watatulalamikia. Labda bukta ziwe za kijani kilichokoza, maana ndo zinachafuka zaidi.

Na kuna wazee. Nilimfata yule babu wa kahawa, huyu alikata mkonge miaka mingi, nikamuuliza tukijiita hivo utajisikiaje. Akanyamaza muda, akanyoosha mkono akanionyesha vijialama vya miiba, ile ncha ya jani ukikosea inaingia kama sindano na utomvu wake unawasha ngozi mpaka usiku. Akasema, "Jiiteni Mkonge, ila msijiite manamba. Mkonge tuliupanda sisi, unamba tulipewa." Nimelifikiria sana hilo. Ina maana hata nyimbo zetu hilo neno lisiingie, kuna vijana wataona ni tamu kujiita hivo na wewe kama kepteni itabidi uwakataze toka siku ya kwanza.

Utani wao sasa, watasema tutawakata, tutawasokota kamba. Mi hilo silioni baya. Mkonge unakatwa majani ya chini na juu unaendelea kutoa, mwaka hadi mwaka, waache wakate.

Sasa ukiyaweka yote matatu pamoja mimi naona hivi. Kwa kushangilia ni Nyuki wa kwanza, Mkonge Makorora wa pili kwa karibu, Silikanti mbali. Kwa kutochanganywa na timu nyingine ni Silikanti wa kwanza kwa jina lakini wa mwisho kwa maandishi, na hayo mawili yanafutana, sisi tuliumizwa na karatasi sio na jina tu. Kwa jezi, nembo na rangi Silikanti anaongoza, nyuki ni rahisi kuchora lakini njano yake ni ugomvi, na mkonge unachorwa na mtoto yeyote, mistari inatoka chini inafunguka kama feni. Kwa kuwa letu, Mkonge. Hapo hakuna ubishi hata kidogo, kumi na mmoja kati ya kumi na tisa.

Kura yangu ni Mkonge Makorora. Nikikosa hilo nachukua Nyuki na nitamwomba namba tano mwenyewe avae njano. Silikanti sitaipinga ukiitaka lakini nitakuomba uniache mimi nijaze fomu zote kwa mkono wangu.

Najua utaniambia basi tuwe Mkonge rasmi na Nyuki jina la utani. Nimeliwaza hilo. Ila jina la utani huwa hujipi, unapewa na watu. Coastal Union hawakukaa kikao wakajiandikia Wagosi wa Kaya kwenye fomu. Tuwaache watoto wavume kama wanataka kuvuma, likishika limeshika, sisi tusilichapishe popote.

Kabla hujapeleka kwa wengine kuna mambo mawili naomba tufanye kwa mpangilio, tusirudie kosa la mwaka juzi la kuchapa jezi kwanza. Katibu aende chama cha mpira cha wilaya akaulize kama kuna timu imeshajiandikisha Mkonge, au jina linalofanana nalo, aangalie orodha kwa macho yake asiulize kwa simu. Kama lipo, hata kama timu yenyewe imelala haichezi, tunaachana nalo tunaenda Nyuki, hakuna kubishana. Kama halipo tunakaa kikao, tunaandika muhtasari wachezaji wote wanasaini, na kwenye ule muhtasari jina liandikwe kwa herufi kubwa na liandikwe vilevile kwenye katiba, maana tukija kusajili kwa msajili wa vyama vya michezo watalinganisha na ikitofautiana hata herufi unarudishwa. Hapo ndo fundi anapewa kazi.

Fundi amesema anatusubiri mpaka Alhamisi, akishaanza oda ya shule moja hatushiki tena hadi mwezi ujao, na mechi ya kwanza ya ligi ya mtaa ni tarehe kumi na nne. Kwa hiyo nijibu leo usiku au kesho asubuhi mgosi, hata neno moja tu, katibu nimeshamwambia awe tayari kesho saa tatu. Na nikumbushe babu yako alikua shamba gani, nataka nimjazie kwenye ile orodha yangu, ipo nafasi ya wewe tu imebaki.